Ukiazimisha Simu: Kufunga Apu Pekee Hakutoshi

"Niazime simu kidogo, nipigie mtu, yangu imezima." Ni vigumu kukataa ombi kama hilo, hasa likitoka kwa mpwa, jirani wa plot au mtu mnayefanya naye kazi. Na wengi hawana nia mbaya. Wanataka tu kupiga simu, kucheki matokeo ya mechi, au mtoto anataka katuni. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo pochi yako, ndiyo benki yako, na ndiyo albamu ya picha ambazo hukupanga kumwonyesha mtu.

Wateja wengi wakituuliza swali hili, huwa wameshaweka kufuli kwenye apu ya pesa na wanataka kujua kama hiyo inatosha. Jibu letu ni hapana, na sababu yake ni rahisi. Kufuli la apu hufunga mlango mmoja. Habari zako za pesa zina milango mitatu: apu yenyewe, SMS, na picha. Mwazimaji akikuta mmoja umefungwa, mingine miwili iko wazi, na mara nyingi hahitaji hata kutafuta.

Tuchukue mfano. Kuna mama anayeuza mitumba, ana Samsung, na jioni mpwa wake huichukua simu hadi saa nne usiku kuangalia video. Mama ameweka kufuli kwenye apu ya M-PESA na ya benki. Mpwa anajua PIN ya kufungua simu, kwa sababu shangazi alichoka kumfungulia kila dakika. Je, mpwa anaweza kuona nini?

Kwanza, salio. Hana haja ya kufungua apu. Anafungua Messages, anasoma ujumbe wa mwisho kutoka M-PESA, na pale chini kuna maneno "New M-PESA balance is" na kiasi chenyewe. Akipandisha juu kidogo anaona ni nani alimtumia shangazi pesa, lini, na kodi ya nyumba ni ngapi. Apu imefungwa vizuri kabisa, na hakuna kilichofichwa.

Pili, nambari za uthibitisho. Zile tarakimu ambazo benki hukutumia unapoingia kwenye apu au unapobadilisha neno la siri huja kwa SMS. Mtu aliyeshika simu yako anaweza kuanza kubadilisha neno la siri kwenye simu yake mwenyewe, kisha akasoma tarakimu zikiingia kwako. Haimaanishi atafaulu, kwa sababu benki nyingi huuliza mambo mengine pia. Lakini hapo ndipo mlango wa tatu unapoingia: picha. Wengi wetu tuna picha ya kitambulisho kwenye Gallery, tuliyopiga siku ya kujaza fomu fulani. Wengine wana picha ya kadi ya ATM, mbele na nyuma. Nambari ya kitambulisho ni mojawapo ya maswali ambayo mtu huulizwa akitaka kuthibitisha kwamba yeye ni wewe. Ukiweka SMS na picha hiyo mkono mmoja, umerahisisha kazi ya mtu mbaya.

Kwa hivyo lengo ni kufunga milango yote mitatu, na kutumia ufunguo ambao mpwa hana.

Ufunguo kwanza

Tunaanza na ufunguo kwa sababu hapa ndipo watu hukwama bila kujua. Kufuli nyingi za apu hufunguliwa na kitu kile kile kinachofungua simu: PIN ya skrini, au alama ya kidole. Kama mwazimaji anajua PIN ya skrini, kufuli hilo ni pambo. Kwenye iPhone yenye iOS 18 kwenda juu, kwa mfano, unaweza kubonyeza apu kwa muda na kuchagua Require Face ID. Ni nzuri, lakini uso ukikataa, kwa kawaida simu huomba nambari ya siri ya simu. Anayeijua ataingia.

Alama za kidole nazo zina lake. Kidole chochote kilichosajiliwa kwenye simu ni kidole chako machoni pa simu. Kama uliwahi kusajili kidole cha mtoto ili aache kukusumbua, au cha mpenzi siku zile za mapenzi motomoto, kidole hicho kinaweza kufungua kila kitu ulichokiweka chini ya alama ya kidole. Fungua Settings, ingia sehemu ya Fingerprints, hesabu vidole vilivyopo. Ukiona vitatu na unakumbuka kusajili viwili, futa vyote na uanze upya. Ni kazi ya dakika mbili.

Na PIN ya M-PESA isiwe sawa na PIN ya skrini. Tunajua ni rahisi kukumbuka moja. Lakini ukimpa mpwa PIN ya kufungua simu, na ndiyo hiyo hiyo ya kutuma pesa, basi hujamwazima simu tu.

Chumba chenye kufuli lake

Kinachomfaa mama yetu ni kile ambacho Samsung hukiita Secure Folder. Si kufuli la apu. Ni kama simu ndogo ndani ya simu, yenye apu zake, picha zake na PIN yake tofauti. Kinapatikana kwenye Samsung nyingi, ingawa si zote za bei ya chini. Ingia Settings, kisha Security and privacy, utafute Secure Folder. Isipoonekana pale, andika jina hilo kwenye sehemu ya kutafuta iliyo juu ya Settings. Itakuomba akaunti ya Samsung, kisha uchague kufuli. Hapo chagua PIN ambayo hujawahi kuitumia mahali pengine, na usiruhusu alama ya kidole kama kuna mtu mwingine aliyesajiliwa.

Ukishaingia ndani, bonyeza alama ya kujumlisha, uchague apu ya benki. Sasa usikie vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi huharibu: apu haihami. Simu hutengeneza nakala nyingine ndani, na ile ya zamani inabaki nje palepale. Tumeona wateja waliojitahidi kuseti chumba chote, na bado apu ya benki iko kwenye skrini ya kwanza kama kawaida. Ni lazima uiondoe ile ya nje.

Lakini usiiondoe kwanza. Fungua nakala ya ndani, ingia kwa PIN yako, angalia salio, na ikiwezekana ununue kredo ya shilingi kumi uone kama muamala unapita. Baadhi ya apu za benki huichukulia nakala hiyo kama simu mpya na kutaka kukuthibitisha upya. Nyingine hukataa kabisa kufanya kazi ndani ya chumba cha aina hiyo. Ikikataa, acha ile ya nje, uiwekee kufuli la kawaida, na uhakikishe ina PIN yake yenyewe. Ikikubali, sasa ondoa ya nje.

Kwa wenye simu zenye Android 15 au zaidi, kama Google Pixel, kitu kama hicho huitwa Private space. Kiko Settings, kwenye Security & privacy. Kikikuuliza kuhusu kufuli, chagua Choose new lock badala ya kutumia kufuli la skrini, kwa sababu tuliyokwisha kueleza. Unaweza pia kukificha ili kisionekane kabisa kwenye orodha ya apu. Baadaye utakipata kwa kuandika "private space" kwenye sehemu ya kutafutia apu. Jambo moja la kujua: kikiwa kimefungwa, apu zilizo ndani husimama na haziwezi kukutumia arifa. Apu ya benki haitakulilia pesa zikiingia. SMS bado itakuja, kwa sababu SMS haziishi ndani ya chumba hicho.

Na hilo linaturudisha kwenye mlango wa pili.

SMS hazifichiki kirahisi

Hakuna Secure Folder wala Private space inayohamisha SMS zako. Ujumbe wa M-PESA huingia kwenye Messages ya kawaida, nje, hata kama apu umeizika ndani kabisa. Kwa hivyo Messages yenyewe inahitaji kufuli.

Kwenye simu nyingi za Tecno, Infinix na itel, kufuli hilo lipo tayari. Tafuta App Lock kwenye Settings au ndani ya apu ya Phone Master inayokuja na simu. Kwenye Xiaomi na Redmi, andika App lock kwenye sehemu ya kutafuta ya Settings. Weka kufuli, uchague Messages, Gallery, WhatsApp na apu za pesa. Ikikupa nafasi ya kuweka nambari yake tofauti na ya skrini, itumie.

Kama simu yako haina kufuli la kiwandani, utaona apu nyingi za kufunga kwenye Play Store. Ushauri wetu ni kuwa mwangalifu nazo. Ili zifanye kazi, nyingi huomba ruhusa ya kuona kila kinachofunguliwa kwenye skrini, na hiyo ni ruhusa kubwa kumpa mtu usiyemjua kwenye simu yenye benki. Tena, mwazimaji mjanja anaweza kuingia Settings na kuisimamisha au kuiondoa, na kufuli likaondoka nayo.

Mama yetu ana Samsung, na huenda asipate kufuli la Messages pale. Kwake njia rahisi ni kufuta. Muamala ukishakamilika na ukishanakili unachohitaji, futa ujumbe. Apu huweka historia yake, na ukitaka rekodi ndefu unaweza kuomba taarifa ya miamala. SMS za nambari za uthibitisho zifute papo hapo, kwa sababu hazina kazi nyingine baada ya kutumika.

Halafu kuna arifa. Ingia Settings, Notifications, utafute sehemu ya Lock screen, uchague kuficha maudhui. Samsung huandika Hide content. Hii huzuia ujumbe kusomeka simu ikiwa imefungwa mezani. Lakini angalia: haisaidii simu ikiwa imefunguliwa na iko mkononi mwa mpwa. Hapo arifa huteremka kutoka juu na kujisoma zenyewe huku akitazama video. Kabla hujampa, washa Do Not Disturb, na kwenye mipangilio yake hakikisha arifa zinafichwa, si kunyamazishwa sauti tu.

Ukitaka kujua kama umefaulu, jaribu mwenyewe. Omba mtu akutumie shilingi kumi, simu ikiwa imefungwa mezani. Soma skrini bila kuigusa. Kisha fungua simu, fungua video, na utumiwe tena. Kama umeona jina au kiasi mara yoyote, mwazimaji naye ataona.

Picha zina tabia zake

Kufunga Gallery peke yake ni kufunga dirisha moja la nyumba yenye madirisha mengi. Picha haiishi ndani ya Gallery. Iko kwenye hifadhi ya simu, na Gallery ni mojawapo tu ya apu zinazoweza kuionyesha. Mtu anaweza kufungua WhatsApp, akabonyeza alama ya kuambatisha picha, na picha zote zikajipanga mbele yake. Au akaingia kupitia Files, au Google Photos.

Ndiyo maana picha za siri zinahitaji kuhamishwa. Mama yetu atachagua picha ya kitambulisho na ya kadi ndani ya Gallery, afungue menyu, achague Move to Secure Folder. Asiye na Samsung anaweza kutumia apu ya Files ya Google, ambayo huwa imo kwenye Android nyingi au hupatikana bure. Ndani yake kuna Safe folder yenye PIN yake. Google Photos nayo ina Locked Folder, ila hiyo hufunguliwa kwa kufuli la skrini, kwa hivyo haimzuii anayejua PIN ya simu.

Baada ya kuhamisha, kuna sehemu mbili za kukagua. Ya kwanza ni Trash. Ukifuta picha, hukaa pale kwa muda kabla ya kupotea; kwenye Gallery ya Samsung ni siku 30, na kwenye Google Photos picha zilizokuwa zimehifadhiwa mtandaoni hukaa hadi siku 60. Yeyote anaweza kuirudisha. Ya pili ni Google Photos yenyewe. Kama ulikuwa umewasha Backup, nakala ya kitambulisho ilishapanda mtandaoni kabla hujaihamisha, na inaendelea kuonekana ukifungua apu hiyo. Ifute huko pia, kisha usafishe Trash.

Hapo utakuwa umebaki na nakala moja tu, ndani ya chumba chako. Na chumba hicho hakina huruma. Ukisahau PIN ya Safe folder, hakuna wa kukufungulia. Ukiirudisha simu kwenye hali ya kiwandani, Private space na vyote vilivyomo hufutika. Fundi wa simu pale mtaani akikwambia ataiflashi simu ili iache kukwama, toa kwanza picha unazozipenda. Picha ya kitambulisho unaweza kuipiga tena, ya marehemu nyanya huwezi.

Mtu wa dakika mbili

Yote hayo ni ya mtu anayekaa na simu yako kwa muda. Anayetaka kupiga simu moja tu, mambo ni rahisi zaidi. Piga nambari wewe mwenyewe, ikianza kulia ndipo umpe, na ubaki karibu. Ukimpa simu ikiwa wazi kwenye sehemu ya kupiga, anaweza pia kupiga *334#. Hatatuma pesa bila PIN yako, lakini *131# ya Okoa Jahazi haikuulizi PIN, na deni la kredo litakuwa lako.

Kwa mtoto anayetaka katuni, tumia kubandika apu. Kwenye Android, ingia Settings, utafute App pinning au Pin app, uiwashe pamoja na chaguo la Ask for PIN before unpinning. Kisha fungua YouTube, nenda kwenye skrini ya apu za hivi karibuni, bonyeza alama ya apu hiyo iliyo juu, uchague Pin. Sasa akitaka kutoka YouTube, simu itaomba PIN. Kama mtoto ameshaijua PIN ya skrini, ibadilishe kwanza. Kwenye iPhone kitu hicho huitwa Guided Access, na kipo ndani ya Accessibility; kina nambari yake ya siri, na ndiyo maana tunakipenda zaidi.

Na wenye kabambe hatujawasahau. Hapo hakuna chumba cha siri wala kufuli la apu, ila SMS zipo zile zile. Weka nambari ya kufungua simu, ufute ujumbe wa pesa kabla ya kuazimisha, na ukiweza uwashe SIM PIN ili mtu akichomoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine asiweze kuitumia. Kabla ya kuiwasha, tafuta ile kadi ya plastiki laini ilipotoka. Ukikosea SIM PIN mara tatu, laini hujifunga na kuomba PUK, na nambari hiyo ya PUK mara nyingi imeandikwa pale.